Kauli Zinazokwenda Pamoja: Kusoma Uzito Unapounda Dodoso

Dodoso la kupima wasiwasi wa mitihani huanza kama orodha ya kauli. Mmoja anaandika "Moyo hunienda mbio ninapopewa karatasi ya mtihani", mwingine anaongeza "Wakati wa mtihani nawaza nitakavyofeli", na baada ya siku chache kauli 13 ziko mezani, kila moja ikijibiwa kwa ngazi 5 kuanzia "Sikubali kabisa" hadi "Nakubali kabisa". Orodha inasomeka vizuri. Lakini hakuna anayeweza kuitazama tu na kusema kama inapima kitu kimoja, viwili au vitatu, na kauli ipi ni ya kitu kipi. Kazi hiyo ndiyo tunayoupa uchambuzi wa faktori, na sehemu kubwa ya tuliyojifunza katika kazi hii imo ndani ya jedwali moja dogo: jedwali la uzito.

Faktori ni sifa iliyojificha. Hatuioni, tunaona majibu tu. Dhana yenyewe ni rahisi: kama watu wanaokubali kauli ya kwanza huelekea kukubali pia ya pili na ya tatu, huenda kuna kitu kimoja nyuma yao kinachozivuta zote. Uzito wa kauli ni kipimo cha nguvu ambayo kitu hicho kinaivuta kauli hiyo. Charles Spearman aliianzisha hoja hii mwaka 1904 alipokuwa akichunguza alama za wanafunzi, na hesabu yake bado ndiyo njia bora ya kumfanya mtu aelewe uzito unatoka wapi, kwa sababu inafanyika kwa kalamu na karatasi.

Chukua kauli tatu. Tuupime uhusiano wa majibu yake kwa namba ambapo 0 ni kutohusiana na 1 ni kwenda pamoja kabisa. Tuseme uhusiano wa ya kwanza na ya pili ni 0.56, wa ya kwanza na ya tatu ni 0.48, na wa ya pili na ya tatu ni 0.42. Ikiwa sifa moja ndiyo sababu pekee ya kauli hizi kwenda pamoja, basi uhusiano wa kauli mbili zozote lazima uwe zao la uzito wa moja na uzito wa nyingine. Kutokana na sharti hilo peke yake, uzito wa kauli ya kwanza unapatikana hivi:

```
sqrt(0.56 * 0.48 / 0.42) = 0.80
0.56 / 0.80 = 0.70
0.48 / 0.80 = 0.60
```

Kwa hiyo uzito ni 0.80, 0.70 na 0.60. Hakikisha: 0.80 mara 0.70 ni 0.56, na 0.70 mara 0.60 ni 0.42. Kila uhusiano umerudi ulipokuwa. Sasa tazama maana yake. Kipeo cha pili cha 0.80 ni 0.64, yaani asilimia 64 ya tofauti za majibu katika kauli ya kwanza zinatokana na sifa ile ya pamoja. Asilimia 36 zilizobaki ni mambo ya kauli yenyewe: namna ilivyoandikwa, makosa ya kujibu, na chochote ambacho kauli nyingine hazina. Kauli ya tatu, yenye 0.60, inabeba sifa hiyo kwa asilimia 36 tu.

Hapa pana mtego unaowanasa wengi. Programu kadhaa za takwimu, SPSS ikiwemo, ukiziachia chaguo lake la awali hufanya uchambuzi wa vijenzi vikuu, ambao si uchambuzi wa faktori ingawa unapatikana kwenye menyu hiyohiyo. Vijenzi vikuu hujaribu kueleza tofauti zote za majibu, pamoja na zile ambazo ni za kauli moja peke yake. Ukizipitisha kauli zetu tatu humo, uzito hautoki 0.80, 0.70 na 0.60. Unatoka takriban 0.85, 0.82 na 0.77. Kauli dhaifu ndiyo iliyopandishwa zaidi. Anayeamua kauli ipi ibaki kwa kutumia namba hizo atabakiza kauli ambazo hazistahili, na kadiri kauli zinavyokuwa chache kwa kila sifa ndivyo upotoshaji unavyokuwa mkubwa. Kwa kuunda dodoso, chagua njia ya faktori kamili, ambayo katika programu ya takwimu ya R huitwa `minres`, au `ml` majibu yakiwa yametawanyika vizuri.

Turudi kwenye kauli 13. Kwa wasiwasi wa mitihani tayari kuna fununu ya nini cha kutarajia. Mwaka 1967 Liebert na Morris walitenganisha pande mbili: mawazo ya hofu, yaani kuwaza kufeli na kujilaumu, na msisimko wa mwili, yaani moyo kwenda mbio na jasho. Kauli zetu ziliandikwa kwa kufuata mgawanyo huo. Tatu kati yake zimeandikwa kinyume, kwa mfano "Mwili wangu hutulia mtihani ukianza", ambapo kukubali kunaonyesha wasiwasi mdogo. Alama za kauli hizo hugeuzwa kwanza kwa kutoa jibu kutoka 6, ili 5 iwe 1 na 4 iwe 2. Ukisahau hatua hii, uchambuzi hauharibiki, uzito wa kauli hizo utatoka na alama ya kutoa tu. Kinachoharibika baadaye ni jumla ya alama na alfa ya Cronbach, yaani kipimo cha jinsi kauli za dodoso zinavyokubaliana.

Kuhusu idadi ya watu, usianze na chini ya 200, na 300 ni afadhali zaidi. Si ushirikina wa namba. Katika sampuli ya watu 100, kauli mbili zisizo na uhusiano wowote zinaweza kuonyesha uhusiano wa karibu 0.20 kwa bahati tu, na kwa watu 400 kiwango hicho hushuka hadi karibu 0.10. Uzito umejengwa juu ya uhusiano huo, kwa hiyo ukiwa na watu wachache unasoma mawimbi ya bahati ukidhani ni sifa.

Katika R, kazi yote inaingia kwenye mistari michache, ambamo `d` ni jedwali la majibu. Pakiti ya `GPArotation` lazima iwe imesakinishwa pia, la sivyo mzunguko wa `oblimin`, yaani hatua ya kuzungusha faktori ili kila kauli iegemee faktori moja, hautafanya kazi.

```r
library(psych)
fa.parallel(d, fa = "fa", cor = "poly")
m <- fa(d, nfactors = 3, rotate = "oblimin",
        fm = "minres", cor = "poly")
print(m$loadings, cutoff = 0)
m$Phi
```

Mstari wa `fa.parallel` ndio unaoshauri idadi ya faktori. Unalinganisha data yako na data ya kubahatisha yenye ukubwa uleule, na kuhesabu faktori zinazoizidi bahati. John Horn aliipendekeza njia hii mwaka 1965, nayo ni imara kuliko kanuni ya kuhesabu thamani za aigeni zinazozidi 1, yaani namba zinazoonyesha kila faktori inabeba tofauti kiasi gani, kanuni ambayo kauli zikiwa nyingi hutoa faktori nyingi mno. `cor = "poly"` inazingatia kwamba majibu ni ngazi 5 na si vipimo vya sentimita. Watu wengi wakirundikana upande mmoja wa ngazi, uhusiano wa kawaida hunywea, na uzito hunywea pamoja nao.

`cutoff = 0` inaonekana ndogo lakini usiiache. Bila hiyo, jedwali huficha uzito mdogo na kuacha nafasi tupu, na jedwali lenye nafasi tupu hupendeza kuliko ukweli. Tunahitaji kuona 0.09 na 0.27 sawasawa na 0.78.

Jedwali lifuatalo tumelitengeneza kwa ajili ya kufundishia, ila sura yake ndiyo ambayo dodoso la aina hii huwa nayo kwenye jaribio la kwanza. Herufi K inaashiria kauli ya kinyume, ikiwa imeshageuzwa alama.

| Kauli | F1 | F2 | F3 |
|---|---|---|---|
| 1. Nawaza nitakavyofeli | 0.74 | 0.03 | 0.02 |
| 2. Nafikiria matokeo badala ya swali | 0.69 | -0.04 | 0.08 |
| 3. Naona wenzangu wamenizidi | 0.61 | 0.02 | -0.05 |
| 4. Najilaumu sikusoma vya kutosha | 0.58 | 0.09 | -0.01 |
| 5. Moyo hunienda mbio | 0.05 | 0.78 | -0.02 |
| 6. Viganja hutoa jasho | -0.06 | 0.71 | 0.03 |
| 7. Tumbo hunivuruga | 0.04 | 0.63 | 0.00 |
| 8. Mikono hutetemeka | 0.01 | 0.66 | -0.07 |
| 9. Naamini nitafaulu (K) | 0.22 | -0.03 | 0.55 |
| 10. Mwili wangu hutulia (K) | -0.05 | 0.27 | 0.52 |
| 11. Akili yangu hubaki kwenye swali (K) | 0.25 | 0.04 | 0.49 |
| 12. Nikikwama nakata tamaa na moyo hudunda | 0.41 | 0.39 | 0.02 |
| 13. Hukesha nikisoma kabla ya mtihani | 0.12 | 0.08 | -0.03 |

Uhusiano kati ya F1 na F2, unaosomwa kwenye `m$Phi`, ni 0.45.

Soma kwa mstari kabla ya kusoma kwa safu. Swali la kwanza kwa kila kauli ni: je, ina makazi mamoja? Kauli 1 hadi 4 zinakaa F1, na kwingineko ziko karibu na sifuri. Kauli 5 hadi 8 zinakaa F2 vivyo hivyo. Hii ndiyo sura ambayo mwanasaikolojia Thurstone aliiita muundo sahili, na ndiyo sababu ya kuzungusha faktori. Kabla ya mzunguko, faktori ya kwanza huzoa kila kauli na ya pili hugawanya kauli nusu chanya nusu hasi, hali ambayo ni sahihi kihesabu lakini haimwambii mtu chochote. Tumetumia mzunguko unaoruhusu faktori kuhusiana kwa sababu hofu ya mawazo na msisimko wa mwili havikai mbalimbali ndani ya mtu. Ukilazimisha faktori zisihusiane kwa `varimax`, uhusiano ule wa 0.45 hautoweki. Unajipenyeza kwenye jedwali kama uzito mdogomdogo upande usio wake, na kauli safi zinaanza kuonekana chafu.

Mzunguko huu una gharama yake, nayo imewapotosha watu makini. Programu nyingine hutoa majedwali mawili: la uzito wenyewe, ambalo ndilo hili, na la uhusiano wa kila kauli na kila faktori. Kauli ya moyo kwenda mbio ina uzito wa 0.05 tu kwenye F1. Lakini uhusiano wake na F1 ni 0.05 jumlisha 0.78 mara 0.45, yaani 0.40. Haujatokana na kauli kupima mawazo ya hofu. Umepitia mlango wa F2, ambayo yenyewe ni jirani ya F1. Anayesoma jedwali la pili akidhani ni la kwanza atasema kauli zake zote zimechanganyika na kuanza kufuta kauli nzuri.

Sasa kauli zenye matatizo, na kila moja ina tatizo la aina yake.

Kauli 13 haina makazi. Uzito wa 0.12 na 0.08 maana yake faktori zote kwa pamoja zinaeleza takriban asilimia 3 ya majibu yake. Ukiisoma tena unaona sababu: inauliza tabia ya kusoma. Mwenye wasiwasi hukesha, na mwenye bidii hukesha, na aliyechelewa kuanza hukesha. Kauli ya namna hii hairekebishwi kwa kubadilisha maneno, inaondolewa.

Kauli 12 ina makazi mawili, 0.41 na 0.39. Ukijumlisha michango yote miwili pamoja na uhusiano wa faktori, asilimia 46 hivi ya majibu yake inaelezwa, zaidi ya ile ya kauli 3 au 4. Yaani si kauli dhaifu. Kosa lake ni kuuliza mambo mawili kwa pumzi moja: kukata tamaa na moyo kudunda. Mwenye moja bila lingine hajui ajibu nini. Ukiihesabia F1 unaingiza mwili kwenye alama za mawazo, ukiihesabia F2 unafanya kinyume chake, na ukiihesabia kote kuwili unazifanya alama mbili zionekane zinahusiana kuliko ukweli. Igawe iwe kauli mbili, kisha uzijaribu upya. Neno "na" katikati ya kauli tumejifunza kulitilia shaka hata kabla ya kukusanya data.

Tatizo la tatu ndilo gumu zaidi, na ndilo linalohitaji macho. F3 inaonekana kama sifa mpya. Ina kauli tatu, uzito wake uko karibu na 0.50 au zaidi, na `fa.parallel` imeikubali. Mtu akiwa na haraka ataipa jina zuri, labda "kujiamini na utulivu", na dodoso litatoka na sifa tatu. Lakini tazama wakazi wake. Kauli 9 na 11 zilipaswa kuwa za mawazo, kauli 10 ni ya mwili. Kitu pekee kinachozikutanisha ni kwamba zote zimeandikwa kinyume. Tena zote zimebakiza mkia kwenye nyumba zao za asili: 0.22, 0.27, 0.25. Hiyo ni alama ya faktori iliyotokana na namna ya kuuliza, si sifa ya anayeulizwa.

Inatokeaje? Baadhi ya watu hujibu bila kusoma, wakishika ngazi moja kuanzia juu hadi chini. Mtu aliyeweka 4 kila mahali anahesabiwa mwenye wasiwasi kwenye kauli za kawaida na asiye na wasiwasi kwenye za kinyume. Watu wa namna hiyo hawahitaji kuwa wengi. Schmitt na Stults walionyesha mwaka 1985 kwamba takriban asilimia 10 ya wajibuji wasiosoma inatosha kuzaa faktori ya kauli za kinyume. Sababu nyingine ni ya kweli zaidi: kutoamini kuwa utafaulu si sawa kabisa na kuwaza kufeli, na mtu anaweza kukosa imani hiyo bila kuwaza kufeli.

Kuzitofautisha sababu hizo kunawezekana. Tafuta jozi zinazogongana waziwazi, kwa mfano kauli 5 na 10. Aliyeweka 5 kwenye "Moyo hunienda mbio" na 5 pia kwenye "Mwili wangu hutulia" hakusoma mojawapo. Hesabu pia urefu wa mfululizo wa jibu lilelile kwa kila mtu, ukitumia majibu ghafi kabla ya kugeuza alama. Watenge watu hao, weka kumbukumbu ya idadi yao na kigezo ulichotumia, kisha rudia uchambuzi. Kama F3 inayeyuka na kauli 9, 10 na 11 zinarudi kwao na uzito wa 0.45 au zaidi, tatizo lilikuwa la wajibuji. Kama F3 inabaki hata baada ya kuwatenga, maneno ndiyo yanayohusika, na ni afadhali kuandika kauli mpya za moja kwa moja kuliko kuitetea sifa ambayo haipo. Katika mfano wetu tuseme imeyeyuka: tukishaondoa kauli 12 na 13 tunabaki na faktori mbili na jumla ya kauli kumi na moja, na uchambuzi unarudiwa kwa `nfactors = 2`.

Mpaka wa kubakiza kauli uwekwe wapi? Wengi hutaja 0.32, kwa sababu kipeo chake cha pili ni karibu 0.10, yaani asilimia 10. Kwa dodoso litakalotumika kutoa alama za mtu mmoja mmoja, sisi tunaona hiyo ni hafifu mno. Tunaanzia 0.45, na tunataka pengo la angalau 0.20 kati ya uzito mkuu na unaofuata. Pia kila sifa iwe na kauli tatu kwa uchache, nne ni salama zaidi. Faktori ya kauli mbili mara nyingi ni kauli moja iliyoandikwa mara mbili. Weka "Viganja hutoa jasho" na "Mikono hulowa jasho" kwenye dodoso moja, na zinaweza kujitenga zikaunda faktori yao yenye uzito wa 0.90, wakati mwingine hata programu ikatoa onyo kwamba kauli moja imeelezwa kwa zaidi ya asilimia 100, jambo lisilowezekana. Uzito mkubwa hivyo usikufurahishe, na dawa ni kuondoa kauli moja kati ya hizo mbili.

Usitumie alfa ya Cronbach kama mbadala wa jedwali hili. Chukua kauli 1 hadi 8 za mfano wetu, nne za mawazo na nne za mwili, uzihesabie alfa kwa pamoja kama kipimo kimoja. Kwa uzito ulioonyeshwa na uhusiano wa 0.45, alfa inatoka karibu 0.80. Wengi wangeiona namba hiyo wakasema kipimo kimetulia, ilhali ndani yake mna sifa mbili. Alfa hupanda kauli zikiongezeka, na haina jicho la kuona makundi. Hatua sahihi ni kutenganisha kwanza kwa uzito, kisha kuhesabu alfa ya kila kundi.

Baada ya hapo jedwali jipya lisihesabiwe kuwa uthibitisho. Kauli zimechaguliwa kwa sababu ziling'aa kwenye sampuli hii, na sehemu ya kung'aa huko ni bahati ya sampuli hiyohiyo. Kauli zilizobaki, pamoja na zile mbili zilizozaliwa na kauli 12, zipelekwe kwa watu wengine ambao hawakuwamo mwanzoni. Safari hii utaiambia programu mapema kauli ipi ni ya sifa ipi na kuweka sifuri kwenye nafasi nyingine, kwa `cfa()` ya pakiti ya `lavaan`, uone kama majibu yao yanakubali mpangilio huo. Kauli iliyokuwa na 0.74 ikishuka hadi 0.66 si jambo la kushtua. Ikishuka hadi 0.30, rudi kwenye maneno yake na umuulize mtu mmoja au wawili waliojibu wameielewaje, kabla ya kugusa hesabu tena.